Nani aliiweka video hii? Kisa cha orodha ya pamoja ya YouTube yenye maingizo 71

Tuchukue kisa hiki. Mwalimu wa fizikia ana orodha ya kucheza ya YouTube anayoitumia na darasa lake. Ameiweka katika hali ya `Unlisted`, yaani haitokei kwenye utafutaji lakini mwenye kiungo anaiona, na amewaalika wanafunzi sita wawe wanaongeza video za mada wanazosoma. Baada ya wiki kadhaa anapokea malalamiko mawili kwa siku moja. Mwanafunzi wa saba anasema ametumiwa kiungo na orodha anaiona, ila hawezi kuongeza chochote. Wenzake nao wanasema kuna video tatu za michezo ya kompyuta zilizojipenyeza katikati ya masomo ya mawimbi, na chini ya kila moja limeandikwa jina la chaneli ambayo hakuna anayeijua darasani. Wamekwisha kutoa hukumu: orodha imeingiliwa na mtu wa nje.

Ukiyasikiliza malalamiko hayo pamoja, yanapingana. Orodha inamkatalia aliyealikwa na kumkaribisha asiyejulikana. Kupingana huko ndiko kunakowapotosha wengi, kwa sababu wanalichukulia suala zima kama swali moja: "Orodha iko wazi au imefungwa?" Kumbe kuna maswali matatu, na kila moja lina mahali pake pa kuangaliwa. La kwanza, je, walioshirikishwa wanaruhusiwa kuongeza video? La pili, je, mshirika mpya anaweza kujiunga? La tatu, ingizo hili mahususi liliwekwa na akaunti ipi? Jibu la swali moja halikupi jibu la jingine.

Swichi mbili

Mwenye orodha huanzia kwenye orodha yenyewe. Anaifungua akiwa ameingia kwa akaunti iliyoiunda, anabonyeza nukta tatu, kisha `Collaborate`. Hapo kuna swichi mbili. Ya juu huwaruhusu washirika kuongeza video. Ya chini, `Allow new collaborators`, huruhusu watu wapya kujiunga kupitia kiungo cha mwaliko, na ikiwashwa ndipo kiungo hicho kinapopatikana.

Hizi mbili hazifanyi kazi moja. Ya juu ikiwa imewashwa na ya chini imezimwa, washirika wa zamani wanaendelea kuongeza kama kawaida, lakini mlango wa wageni umefungwa. Mwenye orodha akidhani kwamba kuzima ya chini kumewaondoa watu, atashangaa kesho yake kukuta video mpya. Na akizima ya juu ili kumzuia mtu mmoja, amewazuia wote.

Katika kisa chetu mwalimu anakuta zote mbili zimewashwa. Kwa hiyo tunajua kwamba mwanafunzi wa saba hakuzuiwa na mpangilio wa orodha. Tunajua pia kwamba yeyote mwenye kiungo cha mwaliko angeweza kujiunga, kwa hiyo dhana ya mgeni haijafutika bado. Zaidi ya hapo swichi haziwezi kutuambia kitu.

Jambo moja la kuangalia mapema: ikiwa `Collaborate` haionekani kabisa kwenye orodha unayodhani ni yako, tazama picha ya akaunti iliyo juu kabla ya kulaumu kingine chochote. Barua pepe moja inaweza kuwa na chaneli zaidi ya moja, na orodha ni mali ya chaneli iliyoiunda. Ukiwa ndani ya chaneli yako nyingine, wewe ni mtazamaji tu. Vilevile `Watch later` na video ulizozipenda si orodha za kushirikisha watu, hata kama nazo zinapangwa pamoja na orodha nyingine.

Kiungo kinachoalika na kiungo kinachoonyesha tu

Mwanafunzi wa saba anaombwa atume kiungo alichopewa, neno kwa neno, bila kukifungua upya. Kina sura hii:

```
https://www.youtube.com/playlist?list=PLxxxxxxxx&si=yyyyyyyy
```

Hapo hapo tatizo la kwanza linajitokeza. Sehemu ya `list=` inataja orodha. Sehemu ya `si=` huongezwa mtu anapobonyeza kitufe cha kushiriki, nayo haihusiani na mwaliko. Kiungo cha mwaliko, kile kinachonakiliwa ndani ya `Collaborate`, hubeba kitu kingine:

```
https://www.youtube.com/playlist?list=PLxxxxxxxx&jct=zzzzzzzz
```

Hiyo `jct=` ndiyo tiketi. Bila hiyo, kiungo kinafungua orodha na kuonyesha kila kilichomo, lakini hakimfanyi mtu kuwa mshirika. Rafiki yake alichukua njia ya kawaida, yaani kufungua orodha, kubonyeza kushiriki na kutuma. Kiungo kinafanya kazi vizuri kabisa, ila kazi yake ni kuonyesha. Kunakili anwani kutoka juu ya kivinjari nako huleta `list=` peke yake mara nyingi.

Kiungo cha mwaliko kinaweza pia kuharibikia njiani. Kikiandikwa ndani ya ujumbe uliokatika mstari, au kikipitishwa kwenye zana inayosafisha viungo, kinachobaki huenda ni kile kilicho kabla ya alama ya `&`. Mpokeaji anaona orodha imefunguka, anaamini ameshaingia, kumbe tiketi ilidondoka njiani. Ndiyo maana swali la kumuuliza mtu aliyekwama ni "Anwani uliyoifungua ina `jct`?" Ukimuuliza kama kiungo kimefunguka, atajibu ndiyo, na jibu hilo halikusaidii.

Tiketi hiyo haina jina la mtu. Anayeipata anaweza kuitumia maadamu swichi ya chini imewashwa, hata kama uliikusudia kwa mwingine. Hilo lina uzito tutakapofika kwenye zile video tatu.

Kujaribu, na jaribio linalodanganya

Mwalimu anamtumia mwanafunzi kiungo chenye `jct`. Anakifungua akiwa ameingia kwenye akaunti yake, anakubali kujiunga, kisha anakwenda kwenye video ya kwanza inayomjia akilini ili ajaribu: katuni ya watoto kuhusu sayari. Kitufe cha kuhifadhi kimefifia, hakibonyezeki. Anarudi kwa mwalimu na jibu lile lile: bado hawezi.

Safari hii kosa liko kwenye video. Video iliyowekwa alama kwamba imetengenezwa kwa ajili ya watoto huzimiwa baadhi ya huduma, na mojawapo ni kuhifadhiwa kwenye orodha. Utaratibu huo ulianza mwezi Januari 2020, na haujali wewe ni mshirika wa orodha gani. Kwa hiyo jaribio la ruhusa lazima lifanywe kwa video ya kawaida ya hadhira yote, na ni vyema iwe video ambayo mwenye orodha mwenyewe amefanikiwa kuihifadhi mahali pengine. Katika somo la shule mtego huu ni wa kila siku, maana video nyingi nzuri za sayansi zimewekwa alama hiyo.

Jaribio la kuaminika linakwenda hivi. Mshirika anafungua video ya kawaida, anabonyeza `Save`, na kutazama kama jina la orodha ya pamoja limo kati ya orodha anazoweza kuchagua. Likiwemo, anaweka tiki. Hapo hajamaliza. Mtu wa pili, kwenye kifaa kingine, anafungua orodha upya na kuitafuta ile video. Ikionekana huko, ruhusa ipo. Tiki iliyoonekana kwenye skrini ya aliyeiweka haitoshi, kwa sababu anaweza kuwa ameweka kwenye orodha yake binafsi yenye jina linalofanana. Wanafunzi wawili wenye orodha zinazoitwa "Fizikia" ni jambo la kutarajiwa kabisa.

Mwanafunzi wa saba anarudia kwa video ya kawaida kuhusu lenzi. Inaonekana kwenye simu ya mwalimu. Lalamiko la kwanza limekwisha, na sababu zake zilikuwa mbili zilizokaa moja juu ya nyingine: kiungo kisicho na tiketi, kisha video isiyohifadhika. Ingekuwa rahisi kuishia kwenye ya kwanza, kuona mwanafunzi bado amekwama, na kuanza kuhisi kwamba mwaliko wenyewe ni mbovu.

Jina lililo chini ya video

Sasa zile video tatu. Darasa zima limeegemeza hukumu yake kwenye jina lililoandikwa chini ya kichwa cha kila video, na hapo ndipo hukumu ilipokosea. Jina hilo ni la chaneli iliyoipandisha video YouTube. Halimtaji aliyeiweka kwenye orodha. Mwalimu mwenyewe ameweka video nyingi za chaneli ambazo hajawahi kukutana na wenyewe, na hakuna aliyezishuku, kwa sababu zilihusu fizikia.

Ukurasa wa orodha ya pamoja unaweza kuonyesha mstari wa pekee unaoanza na `Added by`. Ukiuona, huo ndio unaozungumzia aliyeongeza. Lakini mpangilio wa ukurasa hubadilika mara kwa mara, na simu haionyeshi yote ambayo kompyuta inaonyesha. Mstari huo usipoonekana, kukosekana kwake hakumaanishi kwamba video iliwekwa na mwenye orodha. Usijaze pengo kwa kukisia.

Mahali imara zaidi pa kutazama ni kumbukumbu za orodha zinazotolewa na `YouTube Data API v3`, yaani njia rasmi ya kuiomba YouTube data zake moja kwa moja bila kupitia ukurasa. Neno hilo linawatisha wasioandika programu, lakini hapa linahitaji ombi moja tu, na ukurasa wa maelezo wa Google una kisanduku cha kujaribia maombi bila kuandika programu yoyote. Anayependa kutumia amri anahitaji ufunguo kutoka Google Cloud, baada ya kuiwasha API hiyo kwenye mradi wake. Kwa orodha ya `Public` au `Unlisted` ufunguo unatosha. Kwa orodha ya `Private` ni lazima mwenye orodha aingie kwa akaunti yake na kutoa idhini.

```
curl -o ukurasa1.json "https://www.googleapis.com/youtube/v3/playlistItems?part=snippet,contentDetails&maxResults=50&playlistId=PLxxxxxxxx&key=UFUNGUO"
```

Usisahau `maxResults=50`. Bila hiyo utaletewa maingizo 5 tu, na ndiyo sababu watu hufikiri orodha yao imepotea. Hata hivyo 50 ndicho kikomo cha ombi moja. Orodha ya mwalimu ina maingizo 71, kwa hiyo jibu la kwanza linaleta 50 pamoja na `nextPageToken`. Unarudia ombi ukiongeza `&pageToken=` na thamani hiyo, ukilihifadhi jibu kwenye faili ya pili, na unapata 21 zilizobaki. Kila ombi la namna hii linagharimu alama 1, na mgao wa kawaida wa mradi ni alama 10,000 kwa siku, kwa hiyo huna haja ya kubana matumizi.

Ukurasani mwalimu alikuwa akihesabu mistari 68. Hizo tatu zilizopungua ni video zilizofutwa au kufichwa na wenyewe, ambazo ukurasa huzificha. Kwenye kumbukumbu bado zipo, zikiwa na kichwa `Deleted video` au `Private video`. Angalia zisichanganywe na zile tatu zinazotafutwa. Idadi imelingana kwa bahati tu.

Ingizo moja, likipunguzwa hadi sehemu tunazozihitaji, lina sura hii:

```
"snippet": {
  "publishedAt": "2025-03-11T21:14:07Z",
  "channelId": "UC...K7",
  "position": 42,
  "videoOwnerChannelId": "UC...9Q"
},
"contentDetails": {
  "videoPublishedAt": "2019-08-02T15:00:11Z"
}
```

Soma polepole, maana majina yanakaribiana na maana zinaachana mbali. Kwa mujibu wa maelezo rasmi, `snippet.channelId` ni utambulisho wa aliyeliongeza ingizo kwenye orodha, na `videoOwnerChannelId` ni wa chaneli iliyoipandisha video. Hilo la pili ndilo linalolingana na jina lililowatia hofu wanafunzi. Tarehe nazo ni mbili: `snippet.publishedAt` ni wakati video ilipoingizwa kwenye orodha, na `videoPublishedAt` ni wakati ilipotoka YouTube. Anayesoma ya pili akidhani ni ya kwanza atasema video iliwekwa 2019, miaka kadhaa kabla orodha haijaundwa.

Kuna pia `channelTitle`, na inavutia kwa sababu ni jina linalosomeka na si msururu wa herufi. Iache. Maelezo yanaitaja kuwa jina la chaneli ambayo ingizo ni mali yake, kwa hiyo usiitumie kumtambua aliyeongeza. Tumia `channelId`, kisha ibandike baada ya `https://www.youtube.com/channel/` ili uione chaneli yenyewe.

Saa zimeandikwa kwa UTC, na ndiyo maana ya ile `Z` mwishoni. Mahali palipo saa mbili mbele ya UTC, 21:14 ni 23:14 ya usiku huo huo. Palipo saa tatu mbele ni 00:14 ya tarehe 12. Ukimuuliza mtu alikuwa wapi "tarehe 11 usiku" bila kubadilisha saa, huenda unamuuliza juu ya usiku usiohusika.

Swali la kwanza, kama orodha inaruhusu wengine kuongeza, halijibiwi na kumbukumbu hizi. Hali ya `privacyStatus` unayoweza kuisoma inasema tu kama orodha ni ya wazi, haijaorodheshwa au ni ya faragha. Orodha inaweza kuwa `public` na isipokee video ya mtu mwingine yeyote, au ikawa `unlisted` na washirika kumi. Ukikuta maingizo yenye `channelId` tofauti, umejua kwamba wakati fulani watu wengine waliruhusiwa. Kama wanaruhusiwa leo, rudi kwenye swichi au fanya jaribio.

Kipimo kabla ya kumtaja mtu

Kabla ya kutumia `channelId` kumnyooshea mtu kidole, ipime kwenye jambo unalolijua. Mwalimu anamwomba mshirika mmoja aweke video moja waliyokubaliana, katika dakika waliyokubaliana, huku yeye akishuhudia. Kisha anarudia ombi na kulitafuta ingizo hilo. Likija na utambulisho wa mshirika huyo, sehemu hiyo inatofautisha watu kwenye orodha hii na matokeo mengine yanaweza kusomwa kwa msingi huo. Likija na utambulisho wa mwalimu, basi hapa haitofautishi, na itabidi ategemee saa za kuingizwa, mstari wa `Added by` ikiwa upo, na maelezo ya washirika wenyewe. Kazi hii ni ya dakika tano. Bila hiyo unaweza kumlaumu mtoto wa watu kwa herufi ambazo hukuzielewa.

Katika kisa chetu kipimo kinafaulu: ingizo la makusudi limekuja na utambulisho wa mshirika aliyeliweka, na saa inalingana. Mwalimu anayaweka kando maingizo mawili ya majaribio, hili na lile la lenzi, na kuhesabu yale 71 yaliyokuwepo.

Yeye mwenyewe ana 38. Washirika watano anaowatambua wana 30 kwa pamoja. Matatu yaliyobaki yana `channelId` moja, ile inayoishia na K7, na ndiyo video zenyewe za michezo. Zote tatu ziliingia ndani ya dakika mbili. Chaneli K7 haina video, haina picha, na jina lake halimwambii mtu yeyote kitu.

Wengi wangeishia hapo na kutangaza kwamba mgeni amepatikana. Lakini hesabu za washirika zina neno la kusema. Mwalimu alialika sita na wote walithibitisha kwamba wamekubali mwaliko. Kwenye kumbukumbu watano wanaonekana na mmoja hana ingizo hata moja, na papo hapo kuna akaunti moja isiyo na mwenyewe. Mgeni aliyepata kiungo kilichovuja bado anawezekana, ila kwanza ipo njia rahisi ya kumwondoa au kumthibitisha yule wa sita.

Anaombwa achukue simu aliyoitumia kukubali mwaliko, si kompyuta ya shule, na afungue `https://www.youtube.com/account_advanced` kwenye kivinjari kilichoingia kwa akaunti ile ile. Ukurasa huo unaonyesha `Channel ID` ya chaneli inayotumika wakati huo. Utambulisho wa chaneli una herufi, tarakimu na alama kama `-` na `_`, jumla 24, zikianza na `UC`, nao unalinganishwa wote, herufi kubwa na ndogo zikitofautishwa. Usilinganishe kwa kutazama mwisho wake tu. Tunakili thamani nzima kutoka kwenye kumbukumbu, tuitafute kwenye ile aliyotuma. Zinalingana.

Simu ni ya nyumbani. Siku alipokubali mwaliko, programu ilikuwa imeingia kwenye akaunti ya familia, na YouTube ikaisajili akaunti hiyo kuwa mshirika. Yeye alidhani amejiunga kwa jina lake, na alipojaribu baadaye kwenye kompyuta kwa akaunti yake ya shule hakuona orodha, akaacha. Kwenye simu, orodha ikabaki kati ya zile zinazotokea mtu anapobonyeza `Save`. Programu ya simu inaweza pia kuiweka video moja kwa moja kwenye orodha iliyotumika mwisho, bila kuuliza kwanza. Mdogo wake alikuwa akitazama michezo usiku, akahifadhi video tatu alizozipenda, na hakujua zimekwenda wapi.

Angalia mpaka wa ushahidi wenyewe. Kumbukumbu zilituambia akaunti. Kwamba kidole kilikuwa cha mdogo wake tumekijua kwa kuuliza nyumbani, na hakuna sehemu yoyote ya YouTube ambayo ingetuambia hivyo. Ukiandika taarifa ya jambo kama hili kwa mwalimu mkuu au kwa mzazi, andika "ziliwekwa kupitia akaunti hii", kisha eleza kando ulivyojua mtu.

Mambo yanayofuta alama

Mwalimu alitaka kuziondoa zile video tatu tangu asubuhi, na ni vizuri kwamba alisubiri. Kumbukumbu hizi zinaonyesha maingizo yaliyopo sasa tu. Ukiliondoa ingizo, linatoweka pamoja na jina la aliyeliweka na saa yake, na hakuna daftari la vilivyoondolewa utakaloweza kuliomba baadaye. Kwa hiyo faili mbili za JSON huhifadhiwa kwanza, zikiwa na tarehe ya kuchukuliwa, ndipo usafi unaanza.

Kuna usafi mwingine unaoharibu bila mtu kujua. Mtu akiondoa video na kuirudisha ili ikae mahali pazuri zaidi, hilo ni ingizo jipya: saa ni mpya, na aliyeongeza ni yeye aliyerudisha. Video iliyowekwa na mwanafunzi mwezi uliopita inageuka kuwa ya mwalimu, ya leo. Kubadilisha mpangilio kwa kuburuta hakuna madhara hayo, hubadilisha `position` tu. Na `position` huanza kuhesabu kwenye 0, kwa hiyo ile 42 ya mfano wetu ni video ya 43 ukihesabu kwa macho.

Kibaya zaidi ni kunakili orodha nzima kwenye orodha mpya kwa nia njema ya kuweka akiba. Video zote zinafika, lakini kila ingizo sasa ni la aliyenakili na la siku aliyonakili. Kama akiba ya video inafaa. Kama akiba ya kujua nani aliweka nini haina thamani hata kidogo, na orodha ya asili ikishafutwa hakuna pa kurudi.

Kuifunga orodha kwa mpangilio

Baada ya faili kuhifadhiwa, mwalimu anaanza na swichi ya chini na kuzima `Allow new collaborators`. Hawagusi walioko ndani. Kisha anakifungua kile kiungo cha zamani chenye `jct` kwenye dirisha la faragha la kivinjari, akiingia kwa akaunti isiyo mshirika, ili aone kwa macho yake kwamba hakiruhusu tena kujiunga. Jaribio hilo lisifanywe kwa akaunti ya mwanafunzi ambaye tayari yumo, kwa sababu yeye ataendelea kuiona orodha na kuongeza, na utadhani kufunga kumeshindikana.

Akaunti ya familia inaondolewa kwenye ushirika. Hii inafanywa kabla ya kuondoa video tatu, la sivyo simu ile ile inaweza kuongeza nyingine usiku huo. Kisha swichi ya chini inawashwa kwa muda mfupi, mwanafunzi wa sita akiwa amekaa mbele ya mwalimu na ameingia kwa akaunti yake ya shule. Kabla ya kukubali mwaliko anabonyeza picha ya akaunti na kusoma jina lililopo. Anajiunga, anaongeza video moja ya kawaida, mwalimu anaiona kwenye kifaa chake, swichi inazimwa tena.

Mwisho mwalimu anayarudia yale maombi mawili ili apate hali mpya. Hesabu ya 71 ikipungua tatu ni 68, ukiongeza lenzi ya mwanafunzi wa saba, video ya kipimo na hii ya mwanafunzi wa sita zinakuwa 71 tena. Idadi ni ile ile ya asubuhi, na ndiyo maana kutazama idadi peke yake kungemwambia kwamba hakuna kilichobadilika. Anachokitafuta ni safu ya `channelId`: K7 haimo tena, na utambulisho wa wanafunzi wote saba unaonekana, kila mmoja akiwa na angalau ingizo moja chini yake.